Hujafikia si hukufikia: namna ya kumwandikia mfanyakazi anayesuasua

"Ndugu, taasisi inathamini sana mchango wako. Hata hivyo, imeonekana kwamba kumekuwepo na changamoto kidogo katika ufuatiliaji wa marejesho. Tunaomba tujitahidi ili tufikie malengo. Asante kwa ushirikiano wako mzuri."

Barua pepe hii iliandikwa na meneja wa tawi katika taasisi moja ya mikopo midogo jijini Dar es Salaam, akimwandikia afisa mikopo wake. Meneja aliituma akiamini ameshasema neno zito: kijana, kazi yako inayumba. Afisa aliisoma kwenye daladala, akaelewa kwamba mambo yanakwenda vizuri ila kuna kajambo kadogo. Miezi mitatu baadaye alipokea barua ya onyo kwa Kiingereza, kichwa chake kwa herufi kubwa, akaja kuniuliza, "Kosa langu ni lipi?" Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nitaifungua kesi hiyo hapa upya, kama ilivyopaswa kwenda kabla ya barua ya onyo. Tarakimu, tarehe na maeneo nimeyabadilisha ili asitambulike mtu, lakini mambo yenyewe ni ya kawaida katika tawi lolote.

Kwanza tuitazame ile barua. Ina adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoificha habari. "Imeonekana" imeonwa na nani, lini, wapi? "Changamoto" siku hizi ni neno la kufunikia kila kitu, kuanzia printa iliyokwama hadi upotevu wa fedha. "Kidogo" ni ngapi? Na "tujitahidi" inamgawia meneja nusu ya kazi ambayo hana nia ya kuifanya. Kiswahili cha ofisini kina hazina kubwa ya maneno ya kulainisha, na mtu anayeogopa kuumiza ataichota yote kwa mkupuo. Matokeo yake mpokeaji anabaki na sauti nzuri isiyo na ujumbe.

Meneja mwingine, akichoshwa na ulaini huo, huangukia upande wa pili: "Wewe ni mzembe. Huwa unachelewesha ripoti. Hufuatilii wateja." Hapa sarufi yenyewe inaamua kesi. Neno kama "mzembe" au "mchelewaji" linamtaja mtu, halitaji alichofanya. "Huwa unachelewesha" ni kauli ya mazoea. Haina tarehe, kwa hiyo haina mwisho wala utetezi. Linganisha na "ulichelewesha ripoti ya tarehe 6 na ya tarehe 27 Juni". Hiyo -li- imekamata matukio mawili yanayoweza kuhesabiwa, kuchunguzwa na hata kukanushwa. Ni kali kuliko "huwa", kwa sababu haina pa kukimbilia, lakini haimgusi mtu utu wake.

Halafu kuna -ja-, ambayo nadhani ndiyo zana bora tuliyonayo kwa kazi hii. Ukiambiwa wali haujaiva, unakaa ukingoja. Ukiambiwa wali haukuiva, unatafuta mkate. "Hukufikia kiwango" ni habari iliyofungwa. "Hujafikia kiwango" inasema kiwango kipo, wewe uko chini yake, na muda bado upo. Ukweli na matumaini vimekaa ndani ya silabi moja, bila kuongeza sifa za kupoza. Ila itumike pale tu muda upo kweli. Ripoti ya tarehe 6 haiwezi tena kufika tarehe 6, kwa hiyo hapo ni "hukutuma kwa wakati", basi.

Turudi kwa afisa wetu. Ripoti ya tawi ilionyesha mikopo yake iliyo hatarini, ile inayosomeka PAR 30, imepanda kutoka asilimia 4 mwezi Machi hadi asilimia 11 mwishoni mwa Juni. Kwa wasio wa kazi hii: mteja akichelewa marejesho kwa zaidi ya siku 30, deni lake lote lililobaki linahesabiwa kuwa hatarini, wala si zile wiki alizoruka peke yake. Ukitazama tarakimu hiyo moja, unaweza kuandika barua ya hasira jioni hiyo hiyo. Na ungemwonea.

Wateja wake walikuwa wanadaiwa jumla ya shilingi milioni 80, na milioni 8.8 kati ya hizo zilikuwa hatarini. Lakini mwezi Aprili alikabidhiwa vikundi viwili vya Mbagala vya afisa aliyeacha kazi, vyenye mikopo ya milioni 20, na humo milioni 3.6 zilikuwa zinasuasua tangu siku aliyopewa. Ukizitoa, zinabaki milioni 5.2 hatarini kati ya milioni 60 za wateja wake wa siku zote, yaani karibu asilimia 9. Mwezi Machi zilikuwa milioni 2.4 tu. Kwa hiyo ni kweli kwamba alirithi mzigo usio wake, na ni kweli pia kwamba mikopo yake mwenyewe imeharibika zaidi ya mara mbili. Barua ya haki inatakiwa ibebe kweli zote mbili. Ikitaja ya pili tu, atajitetea kwa ya kwanza, na mazungumzo yataishia hapo.

Hata hivyo 5.2 ni matokeo tu. Tarakimu inayoweza kumsaidia iko kwenye kitabu cha ziara. Utaratibu wa tawi ni kwamba mteja akiruka rejesho anapigiwa simu siku inayofuata, na anatembelewa kabla ya siku 3 kupita. Kati ya wateja 14 waliochelewa mwezi Juni, 9 walitembelewa kwa mara ya kwanza baada ya siku 10. Hapo ndipo palipovuja.

Kwa nini palivuja, kitabu hakisemi. Hilo lilihitaji watu wawili wakae chini, na ndiyo sababu barua pepe ya namna hii isiwe habari ya kwanza. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Justin Kruger na wenzake, walichapisha majaribio ambamo watu walituma sentensi kwa sauti au kwa barua pepe, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, wakatakiwa kukisia kama mpokeaji atatofautisha. Walitegemea apatie mara 78 kati ya 100. Kwa sauti alipatia 73, lakini kwa barua pepe alipatia 56, juu kidogo tu ya kurusha shilingi. Mwandishi huisikia sauti yake mwenyewe kichwani anapoandika, msomaji haisikii. Sentensi uliyoiandika kwa huruma inaweza kusomwa kama kejeli na mtu ambaye tayari ana wasiwasi na ajira yake.

Basi mazungumzo yalifanyika Jumanne, mlango ukiwa umefungwa, na meneja akauliza swali moja akanyamaza: "Mteja akiruka rejesho, wewe unafanya nini siku ile?" Ikatoka kwamba kijana hupiga simu, huambiwa "kesho", naye huamini. Akiendelea kuulizwa akasema ukweli wenyewe: anaona haya kwenda kumdai mama wa umri wa mama yake mbele ya wapangaji wenzake. Hilo halikuwa uvivu. Ni malezi mema yaliyokutana na kazi ambayo hakuna aliyemfundisha namna ya kuifanya kwa heshima: kupitia kwa mwenyekiti wa kikundi kwanza, kukutana na mama kwenye biashara yake wakati hakuna mteja, kutotamka kiasi kwa sauti. Hayo yanafundishika.

Barua ikaandikwa kesho yake, Jumatano asubuhi. Si Ijumaa jioni, maana mtu akiipokea Ijumaa jioni atakaa nayo siku mbili bila wa kumuuliza.

Mada: Tuliyozungumza Jumanne: ziara za wateja na ripoti za Ijumaa

Kaka, habari za asubuhi.

Naandika tuliyozungumza jana ili sote wawili tuwe na maneno yale yale. Hii si barua ya onyo, na sijampa mtu mwingine nakala.

Ufuatiliaji wako wa wateja waliochelewa haujafikia kiwango cha tawi. Kati ya wateja 14 waliochelewa mwezi Juni, 9 uliwatembelea kwa mara ya kwanza baada ya siku 10, na utaratibu wetu ni siku 3. Ripoti ya wiki nayo ilichelewa mara tatu: ya tarehe 6, 13 na 27 Juni, zote nilizipata Jumatatu. Ripoti isipofika Ijumaa siwezi kupanga ziara za Jumatatu, na mteja aliyekuwa siku ya 4 anafika siku ya 8 kabla hajaonana na yeyote kati yetu.

Mikopo yako iliyo hatarini imefika milioni 8.8. Kati ya hizo, milioni 3.6 ulizikuta kwenye vikundi vya Mbagala ulivyokabidhiwa Aprili, hizo sikuhesabii. Milioni 5.2 ni za wateja wako wa siku zote, na mwezi Machi zilikuwa milioni 2.4.

Kiwango cha siku 3 ni kigumu na sitakipunguza, kwa sababu nimekuona ukifanya gumu zaidi ya hilo. Kikundi cha wauza samaki wa Feri kilikuwa kinachelewa kila wiki mpaka ulipohamisha kikao kutoka saa 8 mchana kwenda saa 4 asubuhi, mnada ukiwa umeisha na pesa ikiwa mkononi. Tangu Februari hawajaruka rejesho hata moja. Ulijua pesa yao inaingia saa ngapi, ukaenda saa hiyo. Mbagala nako kuna saa yake. Bado hujaitafuta.

Kuanzia Jumatatu tarehe 7 Julai, naomba kila mteja aliyeruka rejesho umtembelee ndani ya siku 3 na uandike kwenye kitabu cha ziara siku hiyo hiyo. Ripoti inifikie kila Ijumaa kabla ya saa 10 jioni. Mimi kwa wiki mbili za kwanza nitatoka nawe kila Jumanne na Alhamisi, na zile milioni 3.6 za zamani nitazifuatilia mwenyewe mpaka mwisho wa Agosti. Kila Jumatatu saa 3 asubuhi tukae dakika 20 na kitabu.

Tarehe 31 Julai nitatazama ziara na ripoti peke yake. Tarehe 29 Agosti tutatazama na pesa: hizo milioni 5.2 ziwe zimeshuka hadi milioni 4 au chini yake. Tukifika hapo na hali ikiwa hivi hivi, nitalazimika kulipeleka suala hili kwenye utaratibu rasmi wa utendaji, na nitakuambia ana kwa ana kabla sijaandika.

Kama kuna tarakimu niliyokosea au jambo nililolisahau, niandikie kabla ya Ijumaa.

Katika barua hiyo utaona hakuna "hata hivyo" mahali popote. Ile mbinu tuliyofundishwa wengi kwenye semina, ya kuanza na sifa, kuingiza lawama, kisha kumaliza na sifa, ina kasoro mbili zinazopingana. Anayejiamini husikia sifa tu. Mwenye wasiwasi hujifunza kwamba kila sifa ni kengele ya lawama, na baada ya muda hata ukimsifu kwa dhati anasubiri pigo. Habari ya Feri haikuwekwa pale kumpoza. Imewekwa kwa sababu ndiyo dawa: ujuzi uleule alioutumia sokoni ndio unaokosekana Mbagala. Ungeweza kuiondoa sifa hiyo na barua ikapungukiwa na maana, na hicho ndicho kipimo changu. Sifa inayoweza kufutwa bila barua kuharibika, ifute.

Sentensi ya "sitakipunguza, kwa sababu nimekuona" ina historia yake. Mwaka 2014 David Yeager na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa darasa la saba huko Marekani. Walimu waliandika masahihisho yao ya kawaida kwenye insha, kisha watafiti wakabandika kikaratasi. Nusu ya wanafunzi kilisema tu kwamba haya ni maoni kuhusu insha yako. Nusu nyingine kilisema, kwa maana yake, kwamba mwalimu ametoa maoni haya kwa kuwa ana matarajio makubwa na anajua mwanafunzi anaweza kuyafikia. Kwa wanafunzi weusi, ambao wengi wao walikuwa na sababu ya kutomwamini mwalimu, waliokubali kuiandika upya insha walipanda kutoka asilimia 17 hadi 72. Lilikuwa jaribio dogo, la watoto, na ofisi si darasa. Lakini linaonyesha kitu kinachonifaa kama meneja: mtu anayekosolewa hujiuliza kimoyomoyo kama mkosoaji ameshamkatia tamaa, na asipojibiwa hujijibu mwenyewe, kwa kawaida vibaya. Kupunguza kiwango ili kumliwaza kunamthibitishia hofu hiyohiyo.

Angalia pia nini hakimo. Ile haya ya kuwadai akina mama haikutajwa. Aliisema chumbani, kwa imani, na barua pepe ni kitu kinachoweza kusambazwa. Dawa yake imo, zile Jumanne na Alhamisi za kutoka pamoja, na yeye anajua kwa nini zimo. Vilevile hakuna "usijali, kazi yako iko salama". Meneja wa tawi hana mamlaka ya kuahidi hivyo, na ahadi hiyo ikivunjwa Septemba, kila neno jema la Julai litageuka uongo.

Vipimo vimepangwa kwa makusudi. Mteja aliyeshavuka siku 30 hatoki hatarini mpaka alipe malimbikizo, na mama lishe hawezi kulipa wiki sita kwa wiki moja. Ukimpima afisa kwa pesa ndani ya mwezi wa kwanza, anaweza kufanya kazi yote vizuri na bado akaonekana ameshindwa. Au atashawishika kumkopesha mteja upya ili deni la zamani lionekane limelipwa, ujanja ambao kila mkaguzi wa mikopo anaujua. Mwezi wa kwanza unapima mwendo wake. Pesa inafuata.

Barua hii ina msomaji wa pili hata kama haina nakala: faili. Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni, achunguze sababu, atoe mwongozo au mafunzo, ampe nafasi ya kurekebisha, na amwonye kwamba asipobadilika anaweza kuachishwa. Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Barua ya Jumatano haitimizi hayo yote, na haikukusudiwa. Ni mwongozo, na onyo likihitajika litakuja kama onyo, na jina lake. Nimeona mameneja wakichanganya viwili hivi: barua inaanza kama ushauri wa kaka mkubwa na kuishia na "hatua kali za kinidhamu". Mpokeaji hajui amsikilize yupi, na likifika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwajiri mwenyewe hajui aliandika nini.

Kuhusu lugha, hilo neno la Kenya, "anayoielewa", lingefaa kubandikwa juu ya kila meza. Ofisi nyingi huongea Kiswahili siku nzima, kisha jambo likiwa gumu zinahamia Kiingereza. Mfanyakazi ameshajifunza maana ya kuhama huko: sasa ni kesi. Kama mlizungumza Kiswahili Jumanne, andika Kiswahili Jumatano.

Mtu anapojibu "Nimepokea bosi, asante sana", hujajua lolote. Hivyo ndivyo tunavyojibu kila kitu. Baada ya siku mbili muulize, kwa mdomo, atabadilisha nini kwanza. Akisema "nitajitahidi zaidi", barua yako haikufika. Akisema "wale 9 nitaanza nao kwa wenyeviti wao", imefika. Akiuliza "kwa hiyo nafukuzwa?", rudini chumbani siku hiyo hiyo.

Afisa wetu alijibu Alhamisi usiku. Alikubali yale ya ziara, akaongeza kwamba ripoti ya tarehe 13 aliituma Ijumaa saa 9 alasiri, ila kwenye anwani ya zamani ya tawi, ambayo ilibadilishwa wiki ile. Meneja akaifungua anwani hiyo na kuikuta. Jibu lake lilikuwa la mstari mmoja: "Kweli, nimeiona, saa 9 na dakika 12. Kosa ni langu, zinabaki mbili. Jumanne saa 2 asubuhi tukutane kituo cha Mbagala Rangi Tatu, uje na kitabu."